Siku ya kwanza tumbo linakata, apu inasema nipumzike, kocha anasema nadeka: nifuate nini?

Shikamoo dada. Mi nina miaka 27, nakaa Tabata, nauza dukani kwa hiyo kutwa nzima nimesimama. Nakimbia na kikundi chetu cha joging mwaka wa pili sasa na nimejiandikisha kilomita 21 za Kili Marathoni. Shida yangu ni siku zangu. Siku ya kwanza na ya pili tumbo la chini linakata mpaka kiuno na mapaja, saa ingine naharisha kabisa, nguvu sina. Mwanzo nilikuwa najikaza, nameza diklofenaki mbili alfajiri bila kula naenda kukimbia. Juzi juzi nikapakua apu ya mzunguko ikanipa plani: siku zote 5 za kublidi nipumzike, nikitoka hapo nifanye makali, halafu wiki mbili za mwisho nitembee tu na kujinyoosha eti homoni haziruhusu. Nimeifuata miezi miwili, tumbo linauma vile vile na pumzi imepungua. Kocha wetu ni kaka wa watu namheshimu ila nikikosa anasema nadeka. Mama anasema ni chango, nikizaa litaisha. Mzunguko wangu unacheza siku 26 mpaka 31 na nikihesabu naona siku ya mbio itaangukia siku ya kwanza au ya pili. Je, ni kweli mazoezi yabadilike kufuata mzunguko? Na siku ile nifanyeje?
Mimi wa Tabata.

Marahaba mdogo wangu.

Kabla ya yote, zile diklofenaki mbili tumbo tupu halafu barabarani, acha. Leo. Kama ni zile za miligramu 50 basi unameza 100 kwa mkupuo, tumbo halina kitu, na unaenda kutoka jasho la Dar. Ukikimbia damu nyingi inaenda kwenye miguu na kwenye ngozi, figo zinabaki na kidogo, na dawa za familia hii (diklofenaki, ibuprofeni, zile za asidi mefenamiki) zinabana zaidi kile kidogo figo inachopata. Ukichanganya na kukosa maji ndio watu wanaishia kukojoa mkojo wa rangi ya koka na tumbo linawaka moto. Siko kukukataza dawa, tutafika kwenye dawa na nitakwambia inavyoliwa, ila ile namna ya kwako ni hatari na haikusaidii inavyotakiwa.

Sasa hiyo apu. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Mzunguko wa siku 28, toa siku 5 za kulala, toa siku 14 za kutembea, zimebaki 9. Siku 9 ndani ya wiki nne za mazoezi ya maana, na mbio unazoenda ni kilomita 21 zenye mlima wa kupanda kuelekea Mweka, halafu ushangae pumzi imeenda wapi? Pumzi haijaondolewa na homoni mdogo wangu, imeondolewa na plani.

Ila nisikuambie tu kwamba apu ni uongo nikaishia hapo, maana ndani yake kuna kipande cha ukweli na wanawake wengi wanachanganywa na hicho kipande. Ni kweli homoni zinapanda na kushuka. Siku ya 1 tunahesabu ile damu inapoanza kutoka, wakati huo estrojeni na projesteroni zote ziko chini, halafu estrojeni inapanda taratibu mpaka yai linatoka, baada ya yai kutoka projesteroni inashika usukani kama wiki mbili, mimba isipoingia zote zinaporomoka na damu inakuja. Hiyo haina ubishi. Swali ni je, huko kupanda na kushuka kunabadilisha uwezo wako wa kukimbia au kunyanyua chuma kiasi cha kubadilisha ratiba nzima? Mwaka 2020 kuna watafiti walikusanya tafiti 78 za wanawake wenye mzunguko wa kawaida wakaziangalia zote kwa pamoja, walichokuta ni kwamba siku za mwanzo wa hedhi kwa wastani uwezo unaweza kushuka kidogo sana, kidogo cha kutoonekana, tena wakasema wenyewe tafiti nyingi kati ya hizo hazikuwa na ubora, na ushauri wao ni kwamba kila mwanamke aangaliwe yeye kama yeye. Kwa upande wa misuli nao walioangalia hawajakuta kwamba ukinyanyua vizito wiki fulani ya mzunguko misuli inajenga vizuri kuliko wiki ingine. Kwa hiyo ile "homoni haziruhusu" haina mguu wa kusimamia.

Kuna tatizo lingine la hizo apu halisemwi. Apu haijui yai lako limetoka lini, inakisia kwa tarehe tu. Wewe mzunguko unacheza siku 26 mpaka 31, na kinachocheza zaidi ni ile nusu ya kwanza, kabla yai halijatoka. Mwezi mmoja yai linaweza kutoka siku ya 12 mwezi mwingine ya 17, apu inakuandikia mazoezi ya "nusu ya pili" wakati mwili bado uko nusu ya kwanza. Na kama kuna dada anasoma hapa yuko kwenye sindano ya miezi mitatu au vidonge vya uzazi, huyo ndio kabisa, mzunguko wake wa asili umezimwa na dawa, hizo awamu za kwenye simu hazimhusu hata moja.

Jibu langu kwa swali lako la kwanza basi: usibadilishe mazoezi kwa sababu kalenda imesema, badilisha zile siku mbili tatu ambazo MWILI WAKO unasumbuka kweli, na ubadilishe kwa kuhamisha, sio kwa kufuta. Na ili ujue ni siku zipi unahitaji daftari, sio apu.

Daftari la shilingi mia tano linatosha. Kila jioni mistari miwili: leo ni siku ya ngapi toka damu ilipoanza, nimelala masaa mangapi, maumivu ni ngapi kwa kumi, nimefanya zoezi gani na lilikuwa gumu kiasi gani kwa kumi. Basi. Miezi mitatu, maana mmoja unaweza kukudanganya, mwezi huo labda ulikuwa na malaria au duka lilikuwa na mzigo. Kwenye kikundi changu kuna dada mmoja nesi, miaka 31, aliapa kabisa kwamba siku ya kwanza na ya pili ndio zinamuua. Daftari lilipofika mwezi wa tatu tukakaa tukalifungua mezani, ukurasa kwa ukurasa, siku ya kwanza ameandika maumivu 4, kilomita 6, ugumu 5, yaani kawaida tu. Kilichokuwa chekundu ni siku mbili KABLA ya damu, miezi yote mitatu, usingizi masaa 4, ugumu 9 kwa mbio ile ile ya kilomita 6. Na tulikuwa tunampumzisha siku ambazo siyo, kwa miaka miwili! Tukageuza, zile siku mbili ndio tukampa nyepesi, siku ya kwanza akawa anakimbia kama kawaida. Wewe unaweza kukuta lako kweli ni siku ya 1 na 2, kwa ulivyoandika nahisi ndivyo, lakini liandike.

Haya tuje kwenye maumivu yenyewe maana hapo ndipo shida yako ilipo zaidi kuliko kwenye mazoezi. Homoni zikiporomoka ule utando wa ndani ya mji wa mimba unaanza kubomoka na unatoa vitu vinaitwa prostaglandini. Hivyo ndivyo vinauamuru mji wa mimba ukaze, na mji wa mimba ni msuli, ukikaza sana unabana mishipa yake wenyewe, damu haipiti vizuri, unauma kama mguu unavyokaza kwenye mlima. Hizo prostaglandini zikivuka mpaka kwenye utumbo nao unakaza, ndio kule kuharisha unakokusema, wala sio kwamba umekula kitu kibaya. Na zinakuwa nyingi zaidi saa 24 mpaka 48 za mwanzo. Ukielewa hapo utaelewa kwa nini dawa hutakiwi kuichelewesha: ibuprofeni na wenzake wanazuia prostaglandini isitengenezwe, hawawezi kuondoa ambayo imeshatengenezwa. Ukisubiri mpaka unajikunja kitandani ndio umeze, unafukuza basi limeshatoka stendi.

Kwa hiyo inaliwa hivi. Ile dalili ya kwanza, damu imeonekana au lile tumbo zito unalolijua mwenyewe limeanza, kula kwanza hata uji na mkate, meza ibuprofeni miligramu 400, rudia baada ya saa 8 ukiwa umekula, isizidi mara tatu kwa siku, na siku mbili zinatosha. Chagua moja tu, usichanganye ibuprofeni na diklofenaki wala mefenamiki, ni ndugu wa baba mmoja, unazidisha madhara bila kuongeza nafuu. Kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayoamshwa na dawa za maumivu, au kuna uwezekano una mimba, hizi sio zako, muone daktari au mfamasia akupe njia nyingine. Siku ya dawa hizi usiende mbio ndefu ya juani. Kutembea na joging fupi ya asubuhi ukiwa umekula na umekunywa maji haina shida kwa mtu mwenye afya.

Pamoja na dawa weka joto. Chupa ya maji ya moto, ifunge kwenye kanga, laza chini ya kitovu dakika 20 au 30. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivi na walikuwa sahihi kabisa, joto linalegeza ule msuli. Usiweke chupa ya moto kwenye ngozi tupu tu, nimeona mdogo wangu ameungua malengelenge.

Na mazoezi yenyewe ni dawa, hii ndio watu hawaamini. Wanawake wanaofanya mazoezi kama mara tatu kwa wiki, dakika 45 mpaka saa nzima, mwezi baada ya mwezi, maumivu yao ya hedhi yanapungua, hilo limepimwa kwenye tafiti zaidi ya moja. Kwa hiyo ukilala wiki tatu kwa ajili ya tumbo unalilea tumbo lenyewe.

Siku ya kwanza sasa unafanya nini. Mi nawapa watu wangu kitu kinaitwa "dakika kumi." Unavaa viatu, unatembea dakika 10 za haraka. Zikiisha jiulize, maumivu yamepungua, yako pale pale, au yamepanda? Yamepungua, endelea na joging ya dakika 15 nyepesi ya kuweza kuongea, urudi nyumbani. Yako pale pale, ongeza dakika 10 za kutembea kisha rudi. Yamepanda au unahisi kizunguzungu, geuza saa hiyo hiyo, nenda kalale, na hapo huna deni la mtu. Wengi wanaishia kwenye lile jibu la kwanza. Kimbilia karibu na nyumbani au mahali penye choo kwa sababu ya lile tumbo la kuharisha, na usivae pedi kubwa ya usiku ukakimbia nayo, inasogea na kukuchubua mapajani. Vaa taiti ya kubana, paka vaselini kwenye mikunjo kabla ya kutoka.

Kama siku hiyo ni ya jimu, nenda, pasha mwili vizuri, weka uzito ule ule uliozoea lakini badala ya raundi 4 za skwati fanya 2. Usipunguze uzito ukafanya mia kidogo kidogo, utachoka zaidi. Ukiona kule kubana pumzi na kukaza tumbo kwenye skwati kunaamsha maumivu, basi siku hiyo fanya mikono na mgongo, miguu utaikuta keshokutwa.

Na mbio ndefu? Hapa ndio kuna badiliko moja kubwa ambalo naona linafaa kwako. Plani nyingi nzuri za kilomita 21 zina wiki tatu za kupanda na wiki ya nne ya kushusha, wiki ambayo kilomita zinapungua kama theluthi ili mwili ujenge. Wewe mzunguko wako ni wiki nne na kitu. Iweke ile wiki ya kushusha iangukie kwenye siku zako. Ulikuwa unatakiwa kushusha vyovyote vile, sasa unashusha wakati ambao mwili unakuomba, hujafuta hata kilomita moja ya muhimu. Mfano wiki tatu zako Jumapili ni kilomita 12, 14, 16, wiki ya nne Jumapili ni 10. Hiyo 10 ndio ikae karibu na siku zako. Kwa sababu tarehe inacheza, hutaipata sawasawa kila mwezi, damu inaweza kuja siku 3 mapema ukiwa kwenye Jumapili ya 16. Ikija hivyo badilishana, Jumapili hii fanya ile 10 au dakika kumi zako, 16 ihamie Jumapili inayofuata. Umeona tofauti na apu? Apu ilikuwa inakula siku 19, hii inagusa siku 2 au 3.

Kuhusu wiki mbili za mwisho kuna kitu kimoja tu cha kweli nataka ukijue. Projesteroni ikiwa juu joto la mwili linapanda kidogo, kama nusu ya nyuzi moja hivi. Kwenye baridi hutalijua, Dar mwezi wa kwanza utalijua, utaona pesi ile ile mapigo yako juu na jasho mapema. Dawa yake sio kutembea na kujinyoosha, ni kutoka saa 11 na nusu alfajiri badala ya saa 1, kunywa maji, na kukimbia kwa kusikiliza pumzi badala ya kuangalia saa ya mkononi. Njaa nayo inaongezeka siku za kabla ya damu, kula. Watu wanaojibana chakula wiki ile halafu wanalalamika hawana nguvu nimewaona wengi mno.

Hiyo "nguvu sina" ndio sehemu ya barua yako iliyonifanya nisome mara mbili. Siku mbili za uchovu ni hedhi. Ila niambie ukweli, uchovu unaisha ukimaliza, au ukiangalia vizuri unakufuata wiki zote, ngazi unahema, moyo unadunda ukisimama ghafla, unatamani kutafuna barafu au mchele mbichi au udongo? Kuna mwanafunzi wangu alikuwa hivyo, kila mtu tukasema ni hedhi, nikamwambia hebu kapime damu kwanza kabla hatujagusa plani yako. Akarudi na karatasi, wingi wa damu 9.4. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe 12 kwenda juu. Alikuwa anakimbia kilomita 8 na damu ya 9.4 na mimi kocha wake nilikuwa namwambia kaza, bado inaniuma nikikumbuka. Kumbe muda wote huo alikuwa anabadilisha pedi iliyoloa kila baada ya saa moja au mbili, mabonge makubwa kuliko sarafu, anaamka usiku kubadilisha, na alidhani kila mwanamke ndivyo alivyo. Hiyo ni damu nyingi, sio kawaida, inatibika.

Kwa hiyo wiki hii nenda kapime wingi wa damu, na kama maabara wanapima feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, pima nayo, kwa sababu akiba inaweza kuisha kabla wingi haujashuka na mkimbiaji analisikia mapema kuliko mtu anayekaa. Usinunue vidonge vya damu ukameza bila kipimo. Kwenye chakula, maini au dagaa mara kadhaa kwa wiki, maharage na mchicha ukamulie ndimu, na ile chai ya rangi unayoshushia wali wa mchana isogeze saa moja mbele maana chai inazuia chuma kuingia. Hilo la chai peke yake kwa watu wa dukani ni kubwa, najua mnaishi kwa chai.

Sasa siku ya mbio. Kwanza, kuhesabu tarehe miezi mitatu mbele na mzunguko unaocheza siku 5 ni kubahatisha, kila mwezi unaongeza kosa lake. Hesabu tena ukianza mzunguko wa mwisho kabla ya mbio. Pili, jiandae kama vile itaangukia kweli. Mizunguko miwili ijayo, siku ya 2, tumbo likiwa linaruhusu, fanya jaribio la kilomita 8 mpaka 12 ukiwa umevaa vile vile utakavyovaa Moshi, umekula kile kile, pedi ile ile au kikombe kama unatumia. Utajua mwenyewe nini kinachubua, tumbo linatulia saa ngapi, choo unahitaji mara ngapi.

Ikiangukia kweli: ibuprofeni ya mwisho iwe jana yake jioni baada ya kula, usiku joto kwenye tumbo. Asubuhi kula yakiwa yamebaki masaa mawili au mawili na nusu kuanza, na kama linauma meza parasetamo gramu 1, yaani vidonge viwili vya 500, kama saa moja kabla. Parasetamo kwa tumbo la hedhi haina nguvu kama ibuprofeni, lakini kwa saa mbili na zaidi za mlima na jua figo zako zitakushukuru. Ukimaliza, umekunywa, umekula, umekojoa mkojo wa rangi nyepesi, ndio urudi kwenye ibuprofeni. Na zile kilomita za kupanda anza taratibu kuliko unavyotaka.

Kuna wanaouliza kusogeza hedhi mbele kwa vidonge. Inawezekana, kuna vidonge vya noretisteroni, vinaanzwa siku 3 kabla ya tarehe ya damu, lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haimfai mtu mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa, na inaweza kukujaza maji na kukuvuruga tumbo. Ukiitaka ongea na daktari miezi miwili kabla na uijaribu mwezi usio na mbio. Mi binafsi kwako ningeanza na jaribio la siku ya 2.

Mwaka 2002 kule Chicago, mkimbiaji wa Uingereza Paula Radcliffe alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kwa saa 2:17:18 akiwa na maumivu ya hedhi, amelisema mwenyewe hadharani. Na mwaka 2016 Rio, muogeleaji wa China Fu Yuanhui alitoka kwenye maji amejikunja, akamwambia mtangazaji kwamba hedhi imeanza jana yake na anahisi kuchoka, timu yao ikawa ya nne. Wote wawili ni wanamichezo wa juu kabisa wa dunia. Nakupa wote wawili kwa makusudi, mwonyeshe na kocha.

Kocha wako usigombane naye, wengi hawajafundishwa. Usimwambie tu "sijisikii vizuri", hapo ndipo anaposikia kudeka. Mtumie meseji yenye plani ndani: "Kocha, leo siku zangu zimeanza, nafanya dakika 25 nyepesi, zile intavo za leo nazifanya Alhamisi, Jumapili nipo." Kocha ukimpa mbadala hana cha kubishana nacho. Wasichana wangu watatu wamefanya hivi na makocha wao wanaume, sasa hivi makocha ndio wanawauliza wapange vipi.

Mama naye msikilize kwa heshima, ila chango ni jina moja wazee wanalolitumia kwa magonjwa mengi ya tumbo la uzazi, na mengine yanahitaji hospitali. Wapo wanaopata nafuu baada ya kuzaa, ila hiyo sio tiba na hakuna sababu ya kusubiri. Nenda kwa daktari wa wanawake kama dawa ukiila mapema na vizuri kwa miezi mitatu haishushi maumivu, kama maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, kama yanakuja na siku zisizo za hedhi, wakati wa tendo au ukienda haja kubwa, au damu ni ile ya pedi kila saa. Hapo wanatafuta uvimbe kwenye kizazi au endometriosisi, ule ugonjwa ambao utando kama wa ndani ya mji wa mimba unaota nje yake. Na siku ukiongeza kilomita halafu hedhi ikakata miezi mitatu na huna mimba, usishangilie kwamba umepumzika, hiyo ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa mazoezi unayofanya na mifupa inaanza kulipa. Njoo haraka.

Damu ikianza tena andika "siku ya 1" kwenye daftari, kula, meza ya kwanza mapema, vaa viatu utembee dakika kumi. Na ukipata karatasi ya maabara niandikie ile namba, tupange hizo wiki zilizobaki tukiwa tunajua damu yako iko ngapi.